Pembe Iliyohamia Robo Nyingine

Mpe mwanafunzi wa kidato cha sita namba changamano −3 + 2i, mwambie atafute agumenti yake, na mara nyingi utaona jambo lile lile. Anachukua kikokotoo, anagawanya 2 kwa −3, anabonyeza SHIFT kisha tan, na skrini inamwonesha −33.69. Anaandika, anaweka alama ya nyuzi, anapiga mstari chini ya jibu na kwenda swali linalofuata. Kikokotoo hakijakosea: tanjiti ya −33.69° kweli ni −0.667. Hata hivyo jibu si sahihi, na kosa lenyewe si la desimali wala la kukadiria. Pembe hiyo inaelekea upande wa pili kabisa wa ukurasa.

Kosa hili linajulikana sana kwa walimu wa Hisabati ya Juu, somo linalosomwa Tanzania na wanafunzi wa tahasusi kama PCM, PGM na EGM. Uganda nako namba changamano zimo katika hisabati ya ngazi ya A, na kosa huko ni lile lile, kwa sababu vikokotoo ni vile vile. Kinachotofautiana ni namna walimu wanavyolisahihisha. Mmoja anaweka mkasi na kufuta alama zote za kipengele hicho. Mwingine anaona 33.69 inafanana na tarakimu za kwenye mwongozo wake, anaweka vema na kusonga mbele. Wote wawili wangehukumu vizuri zaidi kama wangeanza kwa kutazama kitu ambacho mwanafunzi mwenyewe amekichora chini ya hesabu, yaani ule mchoro wa mkono wenye mihimili miwili na nukta moja.

Kwa msomaji aliyeachana na hisabati zamani, mambo yenyewe si magumu. Namba changamano ina sehemu mbili. Katika −3 + 2i, sehemu halisi ni −3, na 2 ndiyo inayozidishwa na i, namba ambayo kipeo chake cha pili ni −1. Kwa kuwa sehemu ni mbili, namba hiyo haikai kwenye mstari mmoja kama 5 au −8. Inakaa kwenye bapa. Huchorwa mhimili wa kulala kwa ajili ya namba halisi na mhimili wa kusimama kwa ajili ya sehemu yenye i, na vinakutana kwenye sifuri. Namba −3 + 2i inapatikana kwa kwenda hatua tatu kushoto, kisha hatua mbili juu.

Mihimili hiyo inaligawa bapa katika robo nne. Robo ya kwanza ni ya kulia juu, ya pili ni ya kushoto juu, ya tatu ni ya kushoto chini na ya nne ni ya kulia chini. Hesabu yake inazunguka kinyume na mishale ya saa.

Sasa nukta hiyo hiyo inaweza kuelezwa kwa njia nyingine: iko umbali gani kutoka sifuri, na iko upande gani. Umbali ndio moduli, nao unatoka kwenye kanuni ya Pithagorasi: 3 kwa 3 ni 9, 2 kwa 2 ni 4, jumla ni 13, na kipeuo chake cha pili ni kama 3.61. Mwelekeo ndio agumenti, yaani pembe inayopimwa kuanzia upande wa kulia wa mhimili wa kulala, ikipanda kinyume na mishale ya saa. Ukipima hivyo kwa −3 + 2i unapita nyuzi 90, unaingia robo ya pili, na unaifikia nukta kwenye 146.31°.

Ilikuwaje basi kikokotoo kikasema −33.69°? Jibu liko kwenye ule mgawanyo wa mwanzo. Mwanafunzi alipogawanya 2 kwa −3 alipata −0.667. Angegawanya −2 kwa 3 angepata −0.667 vilevile. Namba mbili zilizo katika pembe zinazotazamana za bapa, −3 + 2i na 3 − 2i, zinatoa tokeo moja, na mara mgawanyo unapofanyika, habari ya nani kati ya wale wawili alikuwa hasi inapotea moja kwa moja. Kikokotoo kinapoulizwa pembe yenye tanjiti hiyo, kimeundwa kujibu kwa pembe iliyo kati ya −90° na 90°. Maana yake kila mara kinajibu kana kwamba nukta iko upande wa kulia wa bapa. Nukta ikiwa kulia kweli, jibu ni sahihi bila marekebisho yoyote. Nukta ikiwa kushoto, jibu limepotoka kwa nyuzi 180 kamili, si pungufu wala zaidi.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mwanafunzi aliyefanya mazoezi yake ya kwanza kwa namba kama 3 + 2i na 4 − i amepata vema kila mara, akaamini kwamba njia yake imekamilika. Haijakamilika. Ilikuwa inafanya kazi kwenye nusu moja ya bapa tu.

Bapa lenyewe lina historia inayofaa kukumbukwa hapa. Mtu wa kwanza anayejulikana kuwasilisha maandishi yanayoziweka namba hizi kwenye mchoro kwa urefu na mwelekeo alikuwa Caspar Wessel, mzaliwa wa Norwei aliyefanya kazi ya upimaji ardhi na uchoraji ramani Denmark. Aliwasilisha maandishi yake mbele ya chuo cha kifalme cha sayansi cha Copenhagen mwaka 1797, yakachapishwa 1799 kwa Kidenmark, na kwa karibu miaka 100 hayakusomwa na wengi. Mwaka 1806 Jean-Robert Argand akachapisha kijitabu Paris bila kuweka jina lake. Nakala yake ilimfikia Legendre, habari zikapita kwa ndugu wawili wa ukoo wa Français, na mwaka 1813 mmoja wao alipochapisha wazo hilo alimwomba mwenye nalo ajitokeze. Argand akajitokeza, na mpaka leo mchoro unaitwa kwa jina lake. Lakini inasema mengi kwamba wa kwanza alikuwa mpima ardhi. Kazi ya ramani haimruhusu mtu kujua urefu wa mstari na kusahau umeelekea upande gani. Akikosea robo, shamba zima linahamia kwa jirani.

Turudi kwenye meza ya kusahihishia. Tuseme swali ni hili: z = (−8 + i)/(2 + i). Mwanafunzi anatakiwa kwanza aandike z kwa umbo la a + bi, kisha atafute moduli na agumenti kuu, na mwisho aioneshe z kwenye bapa kwa mchoro wa mkono. Alama ni 10. Mgawanyo mmoja unaofaa ni alama 3 kwa kugawanya, 2 kwa moduli, 3 kwa agumenti na 2 kwa mchoro. Zile 3 za agumenti zinagawanyika tena: moja kwa pembe ndogo ya 33.69°, moja kwa kuiweka katika robo yake, na moja kwa jibu la mwisho lenye thamani sahihi. Zile 2 za mchoro ni moja kwa nukta kukaa mahali pake, na moja kwa mihimili iliyoandikwa pamoja na tao la pembe linaloanzia upande wa kulia wa mhimili wa kulala.

Kazi ya kugawanya inafanyika kwa kuzidisha juu na chini kwa 2 − i, mwenza wa 2 + i. Chini inakuwa 5. Juu inakuwa −16 + 8i + 2i + 1, yaani −15 + 10i. Jibu ni −3 + 2i, namba yetu ile ile.

Karatasi ya kwanza ina −3 + 2i, moduli kipeuo cha pili cha 13, agumenti −33.69°. Chini yake mwanafunzi amechora mihimili, akaweka nukta kushoto juu mahali pake hasa, akavuta mstari hadi sifuri, na akachora tao dogo kati ya mstari huo na upande wa kushoto wa mhimili wa kulala, akaandika 33.69° ndani yake. Ukisoma maandishi peke yake, mtu huyu hajui robo. Ukitazama mchoro, anaijua vizuri sana. Namba iko mahali pake, na hata ile pembe ndogo ameiweka pale inapostahili kukaa, kati ya mstari na mhimili ulio karibu. Alichokosa ni hatua moja ya mwisho, ya kutoa 33.69 kutoka 180. Anapata alama 3 za kugawanya, 2 za moduli, 1 ya pembe ndogo na 1 ya nukta: 7 kati ya 10. Maelezo ya kumwandikia pembeni ni mafupi: pima kuanzia kulia.

Karatasi ya pili inafanana nayo mstari kwa mstari mpaka −33.69°. Ila mchoro wake una nukta kulia chini, kwenye 3 na −2. Mwanafunzi huyu ameandika −3 + 2i kwa mkono wake mwenyewe, kisha akakiamini kikokotoo kuliko namba aliyoipata, na akaihamisha nukta ili ikubaliane na pembe. Anapata 3, 2 na 1, lakini nukta haipo mahali pake, na hata kama mihimili yake imeandikwa vizuri, tao lake linaishia kwenye nukta isiyo yenyewe. Ni 6 kati ya 10. Tofauti ya alama ni moja tu, lakini tofauti ya mafunzo ni kubwa. Huyu wa pili anahitaji kukaa chini na kuchora namba 10 au 15 kwenye bapa kabla hajaruhusiwa kugusa kitufe cha tan. Bila mchoro, mwalimu asingewatofautisha.

Karatasi ya tatu ndiyo inayowasumbua walimu wengi. Mwanafunzi alisahau kubadili ishara ya mwenza sehemu ya juu: alizidisha −8 + i kwa 2 + i badala ya 2 − i, ila chini akaandika 5 kama kawaida. Amepata −17 − 6i juu ya 5, yaani −3.4 − 1.2i. Kuanzia hapo kazi yake ni safi. Nukta ameiweka kushoto chini, robo ya tatu. Pembe ndogo ameipata 19.44°, na kwa kuwa swali limeomba agumenti kuu, ameandika −160.56°, na tao lake linashuka kutoka kulia kufuata mishale ya saa mpaka kwenye mstari. Moduli ameandika kipeuo cha pili cha 13.

Moduli yake ni sahihi! Mwalimu anaitazama na kushangaa: imekuwaje mtu aliyekosea namba apate moduli ile ile ya kwenye mwongozo? Wengine hudhani amenakili kwa jirani. Hajanakili. Kipeo cha pili cha 3.4 ni 11.56, cha 1.2 ni 1.44, na jumla ni 13 kamili. Sababu yake ni kwamba 2 + i na 2 − i ziko umbali sawa kutoka sifuri. Moja iko juu ya mhimili, nyingine chini yake. Kubadilisha moja kwa nyingine hakugusi urefu hata kidogo. Kinachoguswa ni mwelekeo. Namba −8 + i iko kwenye 172.87°, na 2 + i iko kwenye 26.57°. Kugawanya kunataka pembe zitolewe, na tofauti yake inafika 146.31° mara desimali zote zinapochukuliwa. Mwanafunzi huyu, bila kujua, alizijumlisha, akafika 199.44°, ambayo ndiyo −160.56° ikipimwa kwa kushuka.

Ndiyo maana moduli peke yake ni ushahidi dhaifu. Inaweza kutoka sahihi kwenye namba iliyokosewa ishara ya sehemu halisi, ya sehemu ya i, au zote mbili, na hata kwenye kosa la mwenza kama hili. Mwalimu akitaka kujua kama kazi ya kugawanya ilikwenda sawa, aitazame robo.

Alama zake? Kwenye kugawanya anapata 1 kwa kujua kwamba anatafuta mwenza na kupata 5 chini. Baada ya hapo kanuni ya haki ni kumfuatilia kwa namba aliyoipata yeye. Kwa −3.4 − 1.2i, moduli yake ni sahihi, 2. Agumenti yake ni sahihi, robo yake ni sahihi, 3. Mchoro wake unakubaliana na namba yake, 2. Jumla ni 8. Walimu wengi husita kuandika 8 kwenye karatasi ambayo jibu lake la mwisho liko mbali hivyo na la mwongozo, na wapo wanaoipa chini ya ile ya kwanza. Lakini mwanafunzi huyu amekosea ishara moja mwanzoni, tayari ameshakatwa alama 2 kwa ajili yake, na kila swali lililofuata amelijibu kwa kuelewa. Kumkata tena kwenye agumenti na tena kwenye mchoro ni kumwadhibu mara tatu kwa kosa moja.

Kumfuatilia hivi kunawezekana haraka kwa sababu ya mchoro. Mwalimu mwenye rundo la karatasi hawezi kukokotoa upya agumenti ya kila namba ya ajabu inayoletwa mbele yake. Anaweza, hata hivyo, kutazama mambo matatu kwa sekunde chache. Nukta iko kushoto au kulia? Iko juu au chini? Iko karibu zaidi na mhimili wa kulala au wa kusimama? Maswali mawili ya kwanza yanataja robo, na la tatu linaikata robo hiyo nusu. Kwa −3 + 2i majibu ni kushoto, juu, na karibu na mhimili wa kulala kwa kuwa 3 ni kubwa kuliko 2. Kwa hiyo agumenti lazima iwe kati ya 135° na 180°. Kwa −3.4 − 1.2i ni kushoto, chini, karibu na mhimili wa kulala tena, na agumenti kuu lazima iwe kati ya −180° na −135°. Hapo kikokotoo kinahitajika kuthibitisha desimali tu.

Lile swali la tatu lina kazi yake maalumu. Wapo wanafunzi wanaojua kwamba robo ya pili ina pembe zaidi ya 90°, basi wanaichukua 33.69 na kuijumlisha na 90, wakapata 123.69°. Robo ni sahihi, na mwalimu mwenye haraka anaweza kuipitisha. Lakini pembe ya 123.69° inaelekea kwenye nukta iliyo karibu zaidi na mhimili wa kusimama, kama −2 + 3i. Mchoro wa mwanafunzi ukiwa na nukta kwenye −3 na 2, mstari wake umelala kuliko pembe aliyoiandika, na jicho linaona mgongano huo mara moja.

Kuna kosa jingine ambalo bila mchoro ni vigumu kulielewa: agumenti ya 179.41. Halitokani na tarakimu zozote za swali. Linatoka kwenye kikokotoo kilichoachwa kwenye radiani. Kwa radiani, tan⁻¹ ya −2/3 ni −0.588. Mwanafunzi anayekumbuka kwamba upande wa kushoto anatakiwa kuongeza 180, anaongeza 180 kwenye radiani, na kupata 179.412. Anayejua kanuni ameikosea kwa kuchanganya vipimo. Pembe ya 179.41° ni mstari uliolala karibu kabisa juu ya mhimili wenyewe. Kwenye karatasi, nukta yake iliyo hatua mbili juu ya mhimili inaukataa mstari huo. Mwalimu akiona agumenti inayokaribia 180 huku nukta ikiwa imeinuka vizuri, aitafute radiani, ampe mwanafunzi alama ya robo, na amkate ya jibu la mwisho.

Michoro ya mkono nayo ina mitego yake kwa anayesahihisha, na mkubwa ni vipimo visivyolingana. Mwanafunzi hana nafasi ya kutosha upande wa kulala, kwa hiyo anatumia sentimita 1 kwa kila hatua huko, na sentimita 2 kwa kila hatua upande wa kusimama. Nukta −3 + 2i inaangukia sentimita 3 kushoto na sentimita 4 juu. Mwalimu akiweka kipimapembe juu ya mchoro huo atasoma karibu 127°, na akiweka rula atapata sentimita 5. Hakuna kati ya hizo inayohusiana na 146.31° au 3.61. Tena jibu la lile swali la tatu, la mhimili ulio karibu, linageuka kwenye karatasi. Nukta lakini iko sahihi, kwa sababu kwenye mhimili wa kulala imesimama juu ya −3 na kwenye wa kusimama iko usawa wa 2. Alama ya nukta inatolewa kwa kusoma namba zilizoandikwa kwenye mihimili, kipimapembe kibaki kwenye kopo. Robo haibadiliki kwa kunyoosha mhimili mmoja, na hiyo ndiyo sababu robo inaweza kudaiwa kwenye mchoro wa mkono bila huruma, wakati ukubwa wa pembe hauwezi.

Hali ni nyingine kama mihimili haina namba yoyote. Hapo nukta inayoelea kushoto juu inathibitisha robo peke yake, na swali lililotaka z ioneshwe linastahili angalau −3 na 2 viandikwe pembeni mwa vistari vya nukta nukta, au −3 + 2i iandikwe kando ya nukta yenyewe.

Yapo pia maswali ambayo kikokotoo hakitoi pembe ya kusahihisha. Namba −4i haina sehemu halisi, na kugawanya −4 kwa 0 kunaleta ujumbe wa kosa kwenye skrini. Mwanafunzi asiyechora anaandika kwamba agumenti haipo. Anayechora anaweka nukta chini ya sifuri kwenye mhimili wa kusimama, na anasoma −90° bila hesabu. Kwa −5 hatari ni ya kimyakimya zaidi: 0 kugawanywa kwa −5 ni 0, tan⁻¹ ya 0 ni 0, na kila kitu kinaonekana salama, ilhali nukta iko kushoto na agumenti ni 180°. Namba pekee isiyo na agumenti ni sifuri, kwa kuwa haielekei popote.

Mwalimu anayeandaa mwongozo anaweza kuepuka mtego huo huo upande wake. Vikokotoo vingi vya wanafunzi vina kitufe cha `Pol(`, na ukiandika `Pol(-3, 2)` kwenye hali ya nyuzi vinaleta 3.61 na 146.31 kwa pamoja. Kitufe hicho kinapokea namba mbili zikiwa bado zimetengana, hivyo ishara ya kila moja inabaki. Inafaa pia neno "kuu" liandikwe kwenye swali. Vipo vitabu vinavyopima agumenti kutoka −180° hadi 180°, na vipo vinavyopima kutoka 0 hadi 360. Swali likinyamaza, mwanafunzi aliyeandika 199.44° na aliyeandika −160.56° wametaja mwelekeo mmoja, na wote wanastahili alama.

Lakini swali lenyewe nalo linaweza kuficha kosa ambalo mwalimu anataka kulikamata, na hili huwapita hata watunzi wazoefu. Kosa la robo ni la nyuzi 180. Ukimwambia mwanafunzi apandishe z kipeo cha pili kwa kanuni ya de Moivre, agumenti yake inazidishwa kwa 2, na lile kosa linakuwa nyuzi 360, yaani mzunguko mzima unaorudi palepale. Aliyetumia 146.31° anafika kwenye 5 − 12i. Aliyetumia −33.69° naye anafika kwenye 5 − 12i, desimali kwa desimali, na anapata alama zote. Vivyo hivyo kwa kipeo cha nne, cha sita na kila kipeo shufwa. Anayetaka kujua nani anaijua robo aulize kipeo cha tatu: mwenye pembe sahihi atapata 9 + 46i, na mwenye pembe ya kikokotoo atapata −9 − 46i, upande wa pili wa bapa.